Fridge-tag ina msalaba, chati imejaa 4: penta zangu ziliganda lini?

NesiWaBaridi (Jumatatu, saa 3:12 asubuhi)
Kamwene wakubwa. Niko zahanati moja huku Makete juu. Leo asubuhi nimefungua chumba cha chanjo, Fridge-tag, kile kipimo kinachotunza joto la friji, inaonyesha msalaba. Nimebonyeza kurudi nyuma siku moja moja. Ijumaa: juu 8.6, chini 3.4. Jumamosi: chini -1.2 kwa saa 3 na dakika 40. Jumapili: chini -0.8 kwa saa 2 na dakika 10. Chati ya ukutani nayo Jumamosi na Jumapili asubuhi na jioni imeandikwa 4, 4, 4, 4, mwandiko mmoja, wino mmoja.

Mzigo mpya wa chanjo kutoka wilayani ulifika Alhamisi jioni: penta vichupa 15, Td 6, IPV 5, MR 10, na vingine. Nilikuwa na penta za zamani 6, bachi tofauti. Ijumaa ilikuwa kliniki, nimechanja penta watoto 8, nikafungua kichupa kimoja cha bachi mpya.

Leo nimesimamisha kuchanja. Swali langu si kama nizitupe. Nataka kujua kama ziliganda Jumamosi au zilikuja zimeganda tangu Alhamisi, maana kama ni Alhamisi, hao watoto 8 nimewachanja maji.

Kijana wa Kyela
Dada pole. Angalia VVM, ile alama ya joto kwenye kichupa. Kile kimraba cha ndani kikiwa bado cheupe kuliko duara, chanjo ni nzima, endelea na kazi. Mimi mwaka jana friji langu lilifika 14 umeme ulipokatika siku nzima, nilifanya hivyo hivyo na mratibu alikubali.

Chati4
Hiyo chati naifahamu, ni ndugu yangu 😂 Mtu akiwa kijijini kwao Jumapili, friji linajiandikia lenyewe 4.

NesiWaBaridi
@Kijana wa Kyela VVM zote ziko sawa kabisa, kimraba cheupe. @Chati4 usiniue, aliyeandika ni mwenzangu na tumeshaongea.

Fundi Mstaafu Iringa
Mdogo wangu wa Kyela, huko kwenu joto ndilo adui, kwa hiyo umejibu swali la kwenu. VVM inahesabu joto tu. Kichupa kinaweza kuganda kama jiwe, kikayeyuka, na VVM ikabaki nyeupe kama siku kilipotoka kiwandani.

Nesi, umefanya vizuri kusimamisha. Hizo penta, Td na IPV usizitupe wala usizitumie. Zitenge kwenye mfuko, andika USITUMIE, ziache ndani ya friji kwenye nyuzi 2 hadi 8. Piga picha kila ukurasa wa Fridge-tag kabla hujaendelea kubonyeza. MR na BCG zenyewe hazidhuriki na baridi hiyo, ila maji yake ya kuchanganyia kagua ampuli moja moja, zikiganda zinaweza kupasuka.

Sasa nijibu matatu. Friji ni la aina gani? Penta mpya uliziweka wapi ndani yake? Na Alhamisi ulipofungua kasha, aisi paki zilikuwaje?

NesiWaBaridi
Asante mzee. Friji ni la umeme, la kufungulia juu, lile la zamani lenye kuta za barafu na kitufe cha kuzungusha. Lina vikapu. Vikapu vilikuwa vimejaa, kwa hiyo penta mpya na IPV nikaziweka chini kabisa, juu ya MR. Penta za zamani na Td zote zilikuwa kikapuni juu. Fridge-tag nayo iko kikapuni juu.

Kuhusu kasha, ukweli ni kwamba gari lilifika saa 12 jioni na mvua ya manyunyu, dereva ana haraka, nikasaini vocha pale pale halafu ndiyo nikafungua. Aisi paki zilikuwa ngumu, zina ukungu mweupe.

Mfamasia wa Uyole
Jibu si ndilo hilo. Safari ya saa nne, na paki bado ina ukungu mweupe? Hizo zimetolewa kwenye friza zikawekwa moja kwa moja. Zilitakiwa ziachwe mezani mpaka zitoe jasho, ukiitikisa paki sikioni usikie maji yanacheza ndani pamoja na barafu. Paki iliyotoka friza sasa hivi iko karibu nyuzi -20, na kichupa cha penta kilichoegemea pale hakimalizi saa mbili. Ziliganda njiani.

Fundi Mstaafu Iringa
Taratibu. Hilo ni moja. La pili ni kwamba kwenye friji la kufungulia juu chini ndiko kwenye baridi kali, ndiyo maana vikapu vikaletwa. Kama juu kikapuni kilisoma -1.2, chini ilikuwa ngapi? Hatujui, hapakuwa na kipimo. Penta kulala sakafuni mwa friji lile ni sawa na kumlaza mtoto nje Kitulo mwezi wa saba.

Mzee wa Ulanzi
Mimi si wa afya, nafuga ng'ombe. Lakini juzi Jumamosi huku maji ya kwenye ndoo nje yaliamka na ngozi ya barafu. Baridi ya usiku ule haikuwa ya mchezo. Friji gani litavumilia?

Fundi wa Friji Njombe
Mzee wa Ulanzi baridi ya nje haiingii hivyo. Chumba kikiwa na nyuzi 4, friji haliwezi kushuka kuwa -1 bila kompresa kufanya kazi, baridi haitoki hewani. Chumba chenyewe kilipaswa kufika chini ya sifuri. Kwa maoni yangu kuna mtu amegusa kitufe.

NesiWaBaridi
Kitufe. Nimemuuliza mwenzangu. Ijumaa mchana, tulipokuwa tunatoa na kurudisha vibebeo vya kliniki, aliona 8.6 akaogopa, akazungusha kutoka 3 hadi 5. Hakuandika popote.

Fundi wa Friji Njombe
Nimemaliza. Nipewe soda yangu.

Fundi Mstaafu Iringa
Soda utapewa nusu. Kosa la kitufe ni kweli na linaelezeka: friji likipokea mzigo na kufunguliwa mara nyingi kipimo hupanda, na baada ya saa chache hushuka lenyewe. Ukizungusha wakati ule, mchana, unalipangia friji kazi ya mchana litakayoifanya usiku wa manane. Kitufe hupangwa kwa kuangalia saa ya baridi kuliko zote, alfajiri, halafu kinaachwa.

Ila maneno yako kuhusu chumba nayakataa kidogo. Friji lile lina barafu kwenye kuta, na barafu hiyo huwa chini ya sifuri. Siku za kawaida joto la chumba linapenya na kusukumana nayo, ndiyo maana katikati unapata 4. Chumba kikipoa sana, hakuna cha kusukumana, na hewa ya ndani inafuata barafu ya ukutani. Kwa hiyo mzee wa ng'ombe hajakosea sana. Ndiyo maana kila friji la chanjo huwa limeandikwa linafaa joto la chumba kuanzia nyuzi ngapi hadi ngapi, na wengi tunasoma ile namba ya juu tu.

Mzee wa Ulanzi
Nimekuwa mtaalamu. Wekeni jina langu kwenye chati.

Daktari wa Simu
Samahani, mnatisha bure. Penta haigandi kwenye -1. Kimiminika chenye chumvi na dawa kinahitaji baridi zaidi, hata -5 kinaweza kubaki maji. Mimi ningeendelea kuchanja.

Mfamasia wa Uyole
Nusu ya hilo ni kweli na ndiyo nusu ya hatari. Kichupa kikitulia kinaweza kushuka chini ya sifuri kikabaki maji. Halafu mtu anafunga mfuniko kwa kishindo, au mlinzi anasukuma friji apate pa kulala, kinaganda papo hapo. Huwezi kujua kipi kimevuka na kipi hakijavuka kwa kuangalia namba. Kinachojibu ni sheki testi.

Mama Wawili Tandala
Jamani mimi ni mzazi, wangu alichomwa penta Ijumaa wiki hiyo, sijui kama ni zahanati hiyo. Paja limevimba kidogo na homa usiku. Ndiyo maana yake imeganda?

NesiWaBaridi
Dada, homa na uvimbe mdogo siku moja mbili hutokea hata kwa penta nzima kabisa, haituambii chochote. Mpime joto. Uvimbe ukikua, ukawa mwekundu na moto, au akikataa kunyonya, mrudishe mapema kituoni. Usiache kliniki ijayo.

Fundi Mstaafu Iringa
Vizuri nesi. Sasa sheki testi, na uifanye kwa bachi mbili mbali mbali, usichanganye. Toa mhanga kichupa kimoja cha kila bachi, kiandike KIMEGANDISHWA ili asije mtu akakitumia, kilaze friza usiku mzima mpaka kiwe jiwe. Asubuhi kiache kiyeyuke chenyewe mezani, usikichemshe wala kukipasha mkononi. Kisha shika hicho na kile unachokishuku kwa mkono mmoja, tikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, viweke mezani kwenye mwanga, usiviguse tena. Vitazame hadi dakika 30.

Cha mhanga utaona vipande kama maziwa yaliyokatika vikishuka haraka, juu panabaki maji maangavu. Unachokishuku kikishuka polepole kuliko hicho, ni kizima. Kikishuka sawa naye au kumpita, kimekufa.

IPV usijisumbue, haina kile cha kutuama, sheki testi haiisomi. Hiyo ni simu kwa mratibu wa chanjo wilaya.

Kijana wa Kyela
Kwa hiyo nimekuwa nikiangalia VVM miaka yote... Na mimi nina Td zilizowahi kugusa ukuta wa barafu. Naanza na mimi.

NesiWaBaridi (Jumanne, saa 8:40 mchana)
Nimerudi. Nimefanya mbele ya mganga mfawidhi, tumeandika fomu.

Penta za zamani, zilizokuwa kikapuni juu: nimejaribu zote 5 zilizobaki. Mhanga alianza kuachia maji juu dakika ya nne hivi. Hizi mpaka dakika ya ishirini bado ni kama maziwa. Nzima. Td hivyo hivyo.

Penta mpya za sakafuni: nimejaribu 6, moja baada ya nyingine. Nne zimeshuka pamoja na mhanga kama mapacha, hata mganga aliniuliza ni kipi ni kipi. Mbili zimechelewa.

Mfamasia wa Uyole
Njiani! Friji ni lile lile, usiku ni ule ule, za zamani zimepona, mpya zimekufa. Tofauti yao ni gari.

Fundi wa Friji Njombe
Tofauti yao ni gari NA sakafu. Za zamani zilikuwa kikapuni. Usiruke hilo.

Fundi Mstaafu Iringa
Nesi, fikiri. Kuna kichupa chochote cha bachi mpya kilichosafiri kwenye kasha lile lakini hakikulala sakafuni mwishoni mwa wiki? Ijumaa ulitoa vingapi kwa kliniki?

NesiWaBaridi
Mzee!! Nilitoa viwili. Kimoja nilikifungua, zimebaki dozi 2. Cha pili hakikufunguliwa, nilikichora mstari kwa kalamu kuonyesha kilitoka na kurudi, nikakiweka kikapuni juu ili kitangulie kutumika. Nakwenda kukitikisa sasa.

Chati4
Huu uzi umekuwa wa upelelezi. Mimi nimeacha kazi nasubiri.

NesiWaBaridi (saa 10:05 jioni)
Chenye mstari: dakika 25 bado kimejaa maziwa, mhanga wake tayari ana maji juu na unga chini. Ni kizima. Kile kilichofunguliwa nimekitikisa pia, kimeonekana kuchelewa kushuka, lakini kina kidogo sana ndani, siwezi kuapa.

Fundi wa Friji Njombe
Kilisafiri na wenzake, hakikulala sakafuni, kimepona. Gari halina hatia. Soda yangu yote sasa.

Mfamasia wa Uyole
Hapana. Ndani ya kasha vichupa havikai sawa. Vya pembeni vinagusa paki, vya katikati vimefunikwa na wenzao. Hicho kimoja kinaweza kuwa kilikuwa katikati. Kwani hata sakafuni si viwili vimechelewa? Na kile alichochanjia watoto 8 kilikuwa wapi kwenye kasha? Kichupa kimoja kizima hakimsafishi dereva.

Fundi Mstaafu Iringa
Hapo mfamasia ana hoja, ingawa mimi mizani yangu imeegemea sakafu. Ndiyo maana kwenye kasha huwekwa kile kiashiria kidogo cha kuganda, kinageuka kutoka alama ya vema kuwa msalaba. Kilikuwemo?

NesiWaBaridi
Hakikuwemo, au sikukiona. Vocha ina mstari wa kukijaza, na mimi nilisaini ule mstari ukiwa mtupu. Hilo nimelibeba.

Mratibu Mstaafu wa Mufindi
Nimesoma kimya tangu jana. Binti, mstari ule ndio ungekupa jibu la leo. Nilivyokuwa nikipokea mimi, dereva anakunywa chai, haondoki. Nafungua kasha kwanza: kiashiria kinasemaje, paki ziko hali gani, VVM, bachi na tarehe ya mwisho ya kila aina, maji ya kuchanganyia yawe ya kiwanda kile kile cha chanjo yake na idadi ilingane. Naandika kwenye leja, ndipo nasaini. Paki ikiwa na ukungu mweupe naandika hivyo hivyo kwenye vocha, "paki ngumu, hazina maji". Mara mbili niligombana na madereva. Mara ya tatu wilayani walianza kutoa paki friza mapema.

Siku hizi kuna makasha na vibebeo vilivyojengwa visigandishe hata ukiweka paki moja kwa moja kutoka friza. Uliza kama hilo lilikuwa hilo. Kama ndilo, hoja ya mfamasia inakufa.

NesiWaBaridi
Mama asante. Nimeuliza, lilikuwa la zamani, la bluu.

Mfamasia wa Uyole
Hoja yangu inaishi 🙂

Chati4
Na chati je? Mtaandika upya Jumamosi na Jumapili?

Mratibu Mstaafu wa Mufindi
Asithubutu mtu kufuta. Zile nne zinabaki, anakata mstari mmoja ili zisomeke, pembeni anaandika kile Fridge-tag ilichokitunza, saa aliyosoma, na sahihi yake. Chini kwenye hatua zilizochukuliwa: kitufe kilizungushwa Ijumaa na fulani kutoka 3 hadi 5, kimerudishwa lini, zipi zimetengwa, sheki testi ilisemaje. Ripoti ya kifaa iko, inachomekwa kwenye kompyuta na inatoa PDF yenye kila siku. Chati ya 4 ikiwekwa kando yake, aliyeandika anajulikana bila kuulizwa.

Mwenye Zamu ya Jumapili
Nimeambiwa kuna uzi. Ni mimi niliyeandika. Niseme tu, tuko wawili, Jumapili ni zamu yangu lakini nakaa saa mbili kwa miguu, na chati ikiwa na pengo msimamizi anakuja juu. Ikiwa na 4 hakuna anayeuliza. Kitufe nilidhani naokoa chanjo.

Fundi Mstaafu Iringa
Kijana, umefanya la kiume kusema. Pengo lina faida kuliko 4 ya uongo. Ukirudi Jumatatu unabonyeza, unaandika cha juu na cha chini cha siku zile mbili, na pembeni "kimesomwa Jumatatu". Anayekuja juu mwonyeshe kifaa.

Daktari wa Simu
Na watoto 8?

NesiWaBaridi (Jumatano)
Nimepeleka majina yao 8 kwa mratibu wa wilaya na maelezo yote, pamoja na kichupa kilichofunguliwa. Amesema uamuzi wa kurudia dozi hautoki kwangu, atapiga ngazi ya mkoa. Penta mpya zote za sakafuni na IPV zimeondoka kwenye leja kama zilizoharibika, hata zile mbili zilizochelewa.

Jana usiku niliomba kipimo cha pili, nikakilaza sakafuni mwa friji, ile Fridge-tag ikabaki kikapuni. Kitufe kimerudi kwenye 3. Alfajiri kikapuni 3.1, sakafuni 0.4. Usiku haukuwa na baridi kama ule wa Jumamosi.

Fundi wa Friji Njombe
0.4 kitufe kikiwa 3! Sasa ongeza 5 juu yake.

Mfamasia wa Uyole
0.4 si kuganda. Nasubiri wilaya iseme zahanati nyingine za njia ile zilipata nini, kasha zilikuwa tatu kwenye gari moja.

Mzee wa Ulanzi
Nesi, kipimo kile cha sakafuni kilikuwa katikati au kimeegemea ukuta?

NesiWaBaridi
... Kimeegemea ukuta. Leo usiku nakiweka katikati.